Nimepata sin 2θ, lakini pembetatu yangu ina θ peke yake: nitarudije kwenye x?

Rehema_wa_Sita

Habari za jioni, wanajukwaa, na shikamooni walimu mliomo humu. Ninajiandaa kwa mtihani wa Kidato cha Sita na nimekwama kwenye swali hili:

∫ x² / √(9 − x²) dx

Niliweka x = 3 sin θ, kwa hiyo dx = 3 cos θ dθ, na kile kipeuo cha pili kilichoko chini kikawa 3 cos θ. Cos θ ya juu na ya chini zilikatana, nikabaki na 9 sin² θ dθ, ambayo niliiandika kama (9/2)(1 − cos 2θ) dθ kabla ya kuintegreti. Nilichopata ni hiki:

(9/2)θ − (9/4) sin 2θ + C

Baada ya hapo nilichora pembetatu mraba kama tulivyofundishwa: hipotenusi ni 3, upande unaotazamana na pembe θ ni x, na upande uliobaki ni √(9 − x²). Kipande cha kwanza hakinisumbui, kwa kuwa θ ni arcsin(x/3). Kinachonishinda ni sin 2θ, kwa sababu katika mchoro wangu hakuna mahali penye pembe ya 2θ. Mwishowe niliandika −(9/4) sin(2 arcsin(x/3)), lakini jibu la kitabuni lina −(x/2)√(9 − x²) mahali hapo. Je, nimekosea, au ni kitu kilekile kwa sura nyingine?

Hesabu_Tu

Dada Rehema, hapo umeanza vibaya tangu mstari wa kwanza. Kipeuo cha x² − 9 hakiendi na sini hata kidogo. Weka x = 3 sec θ, na katika pembetatu x ndiyo iwe hipotenusi, 3 iwe upande ulioshikana na pembe. Ukifanya hivyo mambo yatanyooka.

Rehema_wa_Sita

Ahsante kaka, lakini swali langu ni 9 − x², si x² − 9. Tisa ndiyo iliyotangulia.

Hesabu_Tu

Kweli, nimesoma harakaharaka. Basi sini ni sawa, endelea.

Mwl_Kombo

Marahaba, Rehema. Kazi yako ni sahihi hadi hapo ulipofika, na hata ule mstari wa mwisho uliouandika kwa arcsin ndani ya sin si kosa la hesabu. Ni jibu ambalo halijamaliziwa. Wasahihishaji wengi watataka umalizie, kwa sababu usemi wenye sin(2 arcsin(x/3)) unaweza kuandikwa kwa x na kipeuo chake bila pembe yoyote.

Pembetatu uliyochora inajua θ tu. Haiwezi kukusomea sini ya pembe nyingine, kwa hiyo kabla hujaitazama ni lazima uondoe 2θ na kubaki na θ peke yake, kwa kanuni unayoijua tayari:

sin 2θ = 2 sin θ cos θ

Sasa kipande chako cha pili kinakuwa −(9/2) sin θ cos θ, na hivyo vyote viwili vimo kwenye mchoro. Sin θ ni x/3 na cos θ ni √(9 − x²)/3. Ukizidisha, tisa ya juu inakatana na tisa inayotokana na 3 × 3 ya chini, na kinachobaki ni −(x/2)√(9 − x²). Jibu zima ni:

(9/2) arcsin(x/3) − (x/2)√(9 − x²) + C

Nikuonye kuhusu njia ya mkato ninayoiona kwenye madaftari kila mwaka. Mwanafunzi anaona sin θ = x/3, kisha anaandika sin 2θ = 2x/3, kana kwamba kuongeza pembe maradufu ni kuongeza sini maradufu. Jaribu kwa x = 1.5. Hapo sin θ ni nusu, kwa hiyo θ ni π/6, 2θ ni π/3, na sini yake ni 0.866. Ile njia ya mkato ingekupa 1 kamili. Kosa hili ni baya kwa sababu jibu linalotoka linaonekana safi kabisa, halina hata kipeuo, na mtu anafurahi kwamba limekuwa fupi.

Kujihakikishia hakuhitaji kitabu. Tofautisha jibu lako. Kipande cha arcsin kinatoa (9/2) / √(9 − x²). Kipande cha pili, kwa kanuni ya zao, kinatoa −(1/2)√(9 − x²) + (x²/2) / √(9 − x²). Viweke vyote juu ya kipeuo kimoja: juu unapata nusu ya (9 − 9 + x² + x²), yaani x². Umerudi pale ulipoanzia.

Rehema_wa_Sita

Nimeelewa, mwalimu. Nilikuwa ninatafuta pembe ya 2θ kwenye karatasi, hata nikaanza kufikiria kuchora pembetatu ya pili juu ya ile ya kwanza.

Baharia64

Samahani kuingilia, lakini naona jambo moja limepitwa kimyakimya. Pembetatu ina pande zenye urefu, na urefu hauwi hasi. Sasa katika swali hili x inaweza kuwa popote kati ya −3 na 3. Kwa x hasi mchoro huo haupo, kwa hiyo jibu lenu linafaa kwa x chanya tu. Kwa upande wa hasi ni lazima alama ya kipande cha pili igeuzwe, na jibu liandikwe kwa sehemu mbili. Zaidi ya hapo, kipeuo cha 9 cos² θ si 3 cos θ. Ni 3 mara cos θ bila alama yake ya hasi. Haya mambo mawili hayafundishwi, ndiyo maana watu wanakariri.

Mwl_Kombo

Ndugu Baharia, la pili umelisema vizuri, na ndilo linaloliangusha la kwanza.

Ni kweli kwamba si kila pembe inayofanya √(9 cos² θ) iwe 3 cos θ. Chukua tena x = 1.5: pembe 5π/6 nayo ina sini ya nusu, lakini kosini yake ni hasi, na mtu akiitumia hiyo, kipeuo chake kitatoka hasi, jambo lisilowezekana. Ndiyo maana tunaposema x = 3 sin θ tunajifunga kwamba θ iko kati ya −π/2 na π/2. Katika kipande hicho sini inapita thamani zote kutoka −1 hadi 1, kila moja mara moja tu, na kosini haiendi chini ya sifuri. Hicho pia ndicho kipande ambacho kitufe cha arcsin cha kikokotoo chako kinakijibia, kwa hiyo kwenda na kurudi kunafuata njia moja.

Sasa kuhusu x hasi. Chukua x = −1.5. Pembe ni −π/6, sini yake ni −1/2, na kosini ni ileile ya π/6. Ukisoma mchoro unaandika sin θ = x/3, na x yenyewe imebeba hasi yake; cos θ = √(9 − x²)/3, nayo ni chanya kama inavyotakiwa. Weka kwenye kipande cha pili: −(9/4) sin 2θ inatoa 1.949, na −(x/2)√(9 − x²) inatoa 1.949. Zinakubaliana bila kugeuza alama yoyote. Ukiigeuza kama unavyopendekeza, ndipo utakapoharibu.

Kwa hiyo mchoro huo usiuone kama pembetatu iliyokatwa kwa mkasi. Huo upande wa x unapanda juu x ikiwa chanya na unashuka chini x ikiwa hasi, ilhali upande wa kipeuo hauhami.

Baharia64

Mfano wa −1.5 umenishawishi kwa swali hili. Hata hivyo sikubali kwamba wasiwasi wenyewe ni bure. Kwenye lile alilolitaja Hesabu_Tu, la x² − 9, alama husumbua kweli, kwa sababu kwa x chini ya −3 tanjiti inaweza kutoka hasi wakati kipeuo ni chanya.

Mwl_Kombo

Hapo tuko pamoja. Ya sekanti inahitaji uangalifu ambao hii ya sini haiuhitaji.

Nuru_K

Mimi naomba kuuliza kutokea upande mwingine. Nililifanya swali la Rehema kwa x = 3 cos θ, kwa kuwa sikuona sababu ya kuipendelea sini. Dx ikawa −3 sin θ dθ, na mwisho nikapata:

−(9/2) arccos(x/3) − (x/2)√(9 − x²) + C

Kipande cha pili ni kilekile, lakini cha kwanza ni tofauti kabisa. Nikiweka x = 0, jibu la mwalimu linatoa sifuri na langu linatoa takriban −7.07. Ninajua mawili hayawezi kuwa sahihi, ila nimepitia hatua zangu na sioni tatizo.

Mwl_Kombo

Yanaweza, Nuru, na yote mawili ni sahihi. Kwa x yoyote kati ya −1 na 1, arcsin x na arccos x zikijumlishwa hutoa π/2. Kwa hiyo −(9/2) arccos(x/3) ni sawa na (9/2) arcsin(x/3) ukitoa 9π/4, na 9π/4 ndiyo hiyo 7.07 yako. Hiyo ni namba isiyobadilika, imemezwa na C. Usilinganishe majibu mawili kwa x moja. Tumia x mbili na utazame tofauti yao. Ukiona tofauti ni ileile kila mahali, hakuna ugomvi.

Kuhusu upendeleo, mimi hufundisha sini kwa sababu inaepusha ile hasi ya dx, ambayo hupotea njiani kwa urahisi. Ila nina mwenzangu shuleni anayefundisha kwa kosini, na wanafunzi wake hawana shida.

Fundi_Matangi

Wakuu, naomba msaada hapa hapa, maana nilipotafuta kuhusu kipeuo cha r² − y² nililetwa kwenye uzi huu. Nina tangi la maji la chuma lililolazwa, umbo la pipa, kipenyo cha mita 2 na urefu wa mita 3. Ninapima kina kwa fimbo na ninataka kujua kuna lita ngapi. Mtu alinipa kanuni hii ya eneo la sehemu iliyojaa, h ikiwa kina na r ikiwa nusu kipenyo:

(h − r)√(2rh − h²) + r² arcsin((h − r)/r) + πr²/2

Kwa kina cha nusu mita kikokotoo kinanipa eneo la −28.86. Tangi linawezaje kuwa na maji hasi? Kanuni hii ni ya uongo au vipi?

Mwanaisha_T

Kanuni ni ya kweli, kaka. Kikokotoo chako kimewekwa kwenye nyuzi badala ya radiani. Kwa kina cha 0.5 na r ya 1, ndani ya arcsin unapata −0.5. Kwa nyuzi hiyo ni −30, na ukiijumlisha na −0.433 na 1.571 unapata hiyo −28.86 uliyoiona. Kwa radiani ni −0.5236, na jumla inakuwa 0.614 za mita ya mraba. Zidisha kwa urefu wa mita 3, unapata mita za ujazo 1.843, yaani lita 1,843 hivi.

Hesabu zote zilizofanywa humu juu zinadai radiani, kwa sababu ile dx = 3 cos θ dθ ni kweli kwa radiani tu. Kwenye jedwali la kompyuta hutaona shida hii, maana ASIN ya huko hutoa radiani moja kwa moja:

```
=(h-r)*SQRT(2*r*h-h^2)+r^2*ASIN((h-r)/r)+PI()*r^2/2
```

Weka anwani za seli zako mahali pa h na r.

Jambo la kutazama ni kwamba tangi lako zima lina lita kama 9,425. Kina cha robo hakimaanishi maji ya robo: 1,843 ni chini kidogo ya asilimia 20. Anayegawa fimbo yake kwa vipande sawa atajidanganya karibu lita 500 katika kina hicho.

Na kwa Rehema, kama unapenda kuona inatoka wapi: upana wa maji kwa urefu y kutoka katikati ni 2√(r² − y²), unaintegreti kutoka −r hadi h − r. Y = r sin θ inakupa r² cos² θ badala ya sin², na kipande cha pili kinageuka kuwa cha kujumlisha. Kingine chote ni hesabu yako wewe. Halafu angalia kwamba katika nusu ya chini ya tangi y ni hasi, yaani lile swali la Baharia limo ndani ya maji, na kanuni inafanya kazi bila kugawanywa.

Fundi_Matangi

Nimebadilisha kuwa radiani, imekubali. Sasa tangi langu lile vichwa vyake si bapa, vimetuna kwa nje pande zote mbili. Je, mita 3 nipime kutoka wapi hadi wapi?

Mwanaisha_T

Pima sehemu iliyonyooka tu, kutoka kiungio hadi kiungio. Maji yaliyomo kwenye vichwa yatakuwa nje ya hesabu, kwa hiyo utapata lita pungufu kuliko zilizomo. Kiasi gani, inategemea vimetuna kwa umbo gani, na kanuni yake si hii. Mimi ningemimina maji kwa ndoo au mita inayoaminika na kuweka alama kwenye fimbo. Na kama tangi limeinama upande mmoja, hata sehemu iliyonyooka haitafuata kanuni hii.

Hesabu_Tu

Mimi kwa integrali zenye mipaka sichori pembetatu kabisa. Kama mipaka ya x ni 0 na 1.5, ninaibadilisha kuwa 0 na π/6, ninaweka kwenye (9/2)θ − (9/4) sin 2θ, ninapata 0.408 na kazi imekwisha. Pembetatu ni ya integrali zisizo na mipaka tu.

Mwl_Kombo

Hapo umesema kweli, ilimradi ukishabadilisha mipaka usirudi tena kwenye x. Hatari ni kuchanganya: mtu anaandika mipaka ya x kwenye usemi wa θ, kisha anatafuta sini ya namba 3 kana kwamba ni pembe ya radiani tatu.

Nuru_K

Kwa upande wangu naona pembetatu haihitajiki hata bila mipaka. Sin θ = x/3, kwa hiyo cos θ = √(1 − x²/9), na hiyo ndiyo √(9 − x²)/3. Mstari mmoja, hakuna mchoro, na swali la urefu hasi halizuki.

Mwl_Kombo

Inakubalika, na kihesabu ni safi zaidi. Mimi nashikilia mchoro kwa sababu darasani ninaona watu wanaoandika √(1 − x²/9) wakisahau kutoa ile 3 nje, au wakiitoa kama 9. Kwenye mchoro 3 iko juu ya hipotenusi, huwezi kuipoteza.

Baharia64

Na anayechora husahau kuandika kwamba θ iko kati ya −π/2 na π/2. Kila njia ina cha kusahau. Mimi ningekata alama hapo.

Mwl_Kombo

Miongozo ya usahihishaji niliyowahi kuifuata haikukata. Lakini sitabishana na anayetaka iandikwe. Ni maneno machache.

Rehema_wa_Sita

Nimejaribu jingine peke yangu, lenye namba mbele ya x²: ∫ √(9 − 4x²) dx. Niliweka 2x = 3 sin θ, hivyo dx = (3/2) cos θ dθ. Kwenye pembetatu hipotenusi ni 3, upande unaotazamana na pembe ni 2x, na wa tatu ni √(9 − 4x²). Nimepata:

(9/4) arcsin(2x/3) + (x/2)√(9 − 4x²) + C

Mara ya kwanza nilikuwa na 9/2 mbele ya arcsin, na x mahali pa x/2. Je, nilivyo sasa ni sawa?

Nuru_K

Tofautisha, halafu weka x = 0 tu; ni haraka kuliko kupitia kote. Swali lenyewe hapo linatoa 3. Kipande cha arcsin kinatoa (9/4)(2/3), yaani 1.5, na cha pili kinatoa nusu ya 3, yaani 1.5. Jumla 3, inakubali. Yale ya kwanza yangetoa 6, maana yake hukuigawa dx kwa 2. Kipimo cha sifuri hakithibitishi kila kitu, ila kosa la namba ya mbele kama hilo hulishika papo hapo.

Rehema_wa_Sita

Ndivyo ilivyokuwa, niliandika dx = 3 cos θ dθ kwa mazoea ya swali la mwanzo.